Nimetumiwa picha ya ratiba ya mkutano wa korosho, vikao vinagongana. Nipangeje siku zangu mbili?

Karani_Kitangari
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, huku Newala. Alhamisi na Ijumaa kuna mkutano wa wadau wa korosho Mtwara mjini, na chama kimetuteua watu wawili, mimi na mwenyekiti. Ratiba ya karatasi hatujapewa. Kijana wetu mmoja alipita ukumbini akaikuta imebandikwa ukutani, akapiga picha mbili, moja ya Alhamisi na moja ya Ijumaa, akanirushia WhatsApp.

Shida ni kwamba karatasi imekunjwa katikati, taa imemulika kona ya kulia, na kijana alisimama pembeni, kwa hiyo jedwali lote limelala upande. Vikao vinakwenda vitatu kwa mpigo: Ukumbi Mkuu, Chumba A na Chumba B. Mimi navitaka vinne vya Alhamisi: mnada wa kidijitali, salfa ya kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, usimamizi wa ghala, na hesabu za chama na ukaguzi. Ijumaa nataka mizani na kile cha maswali kwa wakaguzi. Nikiangalia naona kama vyote wameviweka saa ileile.

Nataka karatasi yangu moja tu inayosema kikao gani, saa ngapi, chumba gani, na wapi lazima nichague. Waliozoea mikutano mnafanyaje?

Kijana_wa_Chuno
Mkuu hiyo ni kazi ya dakika tano. Simu nyingi siku hizi ukibonyeza picha unapata sehemu ya kunakili maandishi. Nakili yote, bandika kwenye Excel, panga kwa saa, kwisha habari. Vinavyogongana vitajionyesha vyenyewe.

Mwl_Nachingwea
Karani, shuleni kwetu tunatumia programu maalumu ya ratiba. Unaingiza walimu, madarasa na vipindi, inapanga yenyewe bila mwalimu mmoja kuwa madarasa mawili. Nikuelekeze?

Karani_Kitangari
@Kijana_wa_Chuno nimejaribu. Hiki ndicho kilichotoka pale kwenye mstari wa saa tano:

```
5:00 – 6:15 Mnada wa kidijitali na Ubwiriunga na muda 5:30 – 6:45
malipo ya mkulima wa kupuliza salfa * Usimamizi wa ghala
```

Sasa salfa ni ya saa tano au tano na nusu? Na ghala?

@Mwl_Nachingwea asante mwalimu, ila mimi siwezi kuhamisha kikao cha mtu.

Mama_Mikindani
Mwanangu Karani, nimekaa sekretarieti za mikutano miaka mingi hapa Mtwara na Lindi, hizo karatasi za ukutani nazijua. Mwalimu anazungumzia kazi ya mpangaji, anayeweza kukitoa kikao asubuhi akakipeleka jioni. Wewe vikao vimekwisha kupangwa, umebaki kuchagua na kuacha.

Kijana hajakosea kwamba simu inasoma maandishi, lakini simu imeyasoma kutoka kushoto kwenda kulia kana kwamba ni barua. Hilo ni jedwali. Mstari wa kwanza wa Mnada umeungana na mstari wa kwanza wa Ubwiriunga, kisha ukaungana na saa iliyoandikwa ndani ya kisanduku cha Chumba B. Kwa hiyo maneno yote unayo, ila umepoteza kitu cha maana kuliko maneno, yaani kila neno lilikuwa chini ya chumba gani.

Fanya hivi. Kwanza mwambie kijana wako aitume tena picha ileile kama hati, siyo kama picha. WhatsApp ikituma picha huibana, na herufi ndogo ndizo zinazoumia. Ikija kama hati inakuja nzima. Akiwa bado yuko mjini, bora zaidi arudi akapige upya akiwa amesimama mbele kabisa ya karatasi, mwanga wa kamera umezimwa, na kila ukurasa upate picha yake.

Pili, ukuze picha kwenye kioo, uweke ukingo wa karatasi nyeupe juu ya mstari uliochorwa wa jedwali. Usifuate usawa wa maandishi. Picha iliyopigwa kwa ubavu, mistari yote inapanda au inashuka kuelekea kulia, na kisanduku cha Chumba B kitaonekana kiko sawa na saa ya mstari wa juu yake au wa chini yake. Jicho linadanganyika kirahisi sana hapo. Mstari uliochorwa haudanganyi.

Tatu, soma safu moja ya chumba kutoka juu mpaka chini, umalize, ndipo uende safu nyingine. Kisanduku chenye saa yake ndani, fuata saa hiyo, usifuate ile ya pembeni kushoto. Na kisanduku kilichonyooka kuvuka vyumba vyote vitatu, kama ufunguzi au chai, ni cha watu wote, kiandike mara moja tu.

Mahali pasiposomeka andika HAISOMEKI. Usijaze kwa kukisia, hata kama una hakika kiasi gani.

Karani_Kitangari
Nimeipata kama hati, inasomeka vizuri zaidi, isipokuwa pale penye mkunjo. Hii hapa Alhamisi, safu kwa safu kama alivyosema mama.

Wote: 2:30 usajili. 3:00 – 4:30 ufunguzi, Ukumbi Mkuu. 4:30 – 5:00 chai. 7:00 – 8:00 chakula. 9:15 – 10:00 majumuisho, Ukumbi Mkuu.

Ukumbi Mkuu: 5:00 – 6:15 mnada wa kidijitali na malipo ya mkulima. 6:15 – 7:00 nafasi ya wadhamini. 8:00 – 9:15 hesabu za chama na ukaguzi.

Chumba A: 5:00 – 6:15 ubwiriunga na muda wa kupuliza salfa. 6:15 – 7:00 hakuna kitu. 8:00 – 9:15 "Rudio:" halafu HAISOMEKI, mkunjo umepita hapo.

Chumba B: 5:30 – 6:45 usimamizi wa ghala, unyevu na uzito. 8:00 – 9:15 ufuta.

Kuna nyota ndogo kati ya salfa na ghala, na chini ya ukurasa imeandikwa "* kitarudiwa mchana". Nyota yenyewe sijui ni ya nani, imekaa juu ya mstari unaotenganisha Chumba A na Chumba B.

Kijana_wa_Chuno
Haya sasa iko safi. Weka kwenye Excel vile unavyovitaka tu. Safu ya A siku, B kuanza, C kumaliza, D kikao, E chumba. Anzia mstari wa pili, halafu safu ya F bandika hii uishushe mpaka chini:

```
=SUMPRODUCT((A$2:A$20=A2)*(B$2:B$20<C2)*(C$2:C$20>B2))>1
```

Inahesabu vikao vya siku hiyohiyo vinavyoanza kabla hiki hakijaisha, na vinavyoisha baada ya hiki kuanza. Kikao kinajihesabu na chenyewe, ndiyo maana tunauliza kama ni zaidi ya kimoja. Ikisema TRUE kuna mgongano.

Karani_Kitangari
Imekubali. Mnada TRUE, salfa TRUE, ghala TRUE, hesabu FALSE. Nikiongeza na lile rudio la saa nane, hesabu nayo inageuka TRUE.

Sasa Ijumaa. Hii imeandikwa na mtu mwingine, hata maandishi hayafanani:

Ukumbi Mkuu: 9:00 – 10:15 miche bora. 10:45 – 12:00 bandari na usafirishaji. 3:00 – 4:00 majumuisho na kufunga.
Chumba A: 9:00 – 10:15 mikopo ya pembejeo. 12:00 – 1:00 maswali kwa wakaguzi.
Chumba B: 10:45 – 12:00 mizani na vipimo. 2:00 – 3:00 ubanguaji mdogo.
Wote: 10:15 – 10:45 chai. 1:00 – 2:00 chakula.

Nimeingiza vile ninavyovitaka tu, fomula inasema FALSE mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo Ijumaa iko salama, sivyo? Ila hizi saa zinanichanganya, mkutano unaanza saa tisa?

Mzee_Mitwero
Mimi niko Lindi. Mkutano wa ufuta mwaka fulani walitupa karatasi kama hiyo, imeandikwa 2:00 mafunzo ya vipimo, hemani. Nikafika saa mbili asubuhi na mfuko wangu wa sampuli. Hemani kuna mbuzi wawili na mlinzi. Wenyewe walikuja saa nane mchana. Mambo ya korosho siyajui sana, lakini karani usiende na saa ya karatasi, uliza mtu.

Mama_Mikindani
Mzee umegusa penyewe. Ukurasa wa Alhamisi umeandikwa kwa saa zetu, wa Ijumaa umeandikwa kwa saa za Kizungu. Hutokea sana mkutano ukiwa na waandaaji wawili, kila mmoja anachapa ukurasa wake na hakuna anayepitia zote pamoja.

Namna ya kuutambua ukurasa hata bila kumuuliza mtu ni kutafuta chakula cha mchana. Watu wanakula karibu saa saba. Alhamisi chakula kimeandikwa 7:00, kwa hiyo ukurasa mzima ni saa za Kiswahili. Ijumaa chakula kimeandikwa 1:00, basi ni za Kizungu, na ile 9:00 ya kuanza ni saa tatu asubuhi. Chai nayo inathibitisha: 10:15 ni saa nne na robo. Angalia mwisho wa siku vilevile. Kufunga 3:00 ni saa tisa alasiri. Mtu akiisoma kama saa tatu atadhani mkutano unafungwa kabla ya chai.

Kubadilisha ni kuondoa au kuongeza saa sita, dakika zinabaki vilevile. 10:45 inakuwa 4:45. 12:00 inakuwa 6:00. 2:00 inakuwa 8:00.

Na hiyo FALSE ya Ijumaa usiiamini bado.

Kijana_wa_Chuno
Fomula haina kosa mama, nimeitumia sana.

Mama_Mikindani
Fomula haina kosa, mwanangu, kosa liko kwenye ilicholishwa. Kikao cha maswali kimeandikwa 12:00 – 1:00. Excel ukiiandikia 1:00 inaelewa saa saba usiku. Kwa hiyo kwake kikao kinaanza adhuhuri na kuisha usiku wa manane wa siku ileile, yaani kimeisha kabla hakijaanza. Kikao cha namna hiyo hakiwezi kugongana na kitu chochote, hata chenyewe hakijihesabu. Kitasema FALSE hata ukiweka kikao kingine juu yake.

Kijana_wa_Chuno
Daah. Kweli, nimejaribu, inatoa sifuri kabisa. Basi dawa ni moja, Ijumaa yote iandikwe kwa saa 24. Saa saba mchana iwe 13:00, saa nane 14:00. Na Alhamisi nayo igeuzwe, 5:00 iwe 11:00.

Mama_Mikindani
Hiyo sawa. Au geuza Ijumaa iwe ya Kiswahili, uache Alhamisi ilivyo. Saa zetu za mchana zinaanza moja zinakwenda mpaka kumi na mbili bila kuruka nyuma, kwa hiyo zinajipanga zenyewe na fomula inafanya kazi. Kikao cha maswali kinakuwa 6:00 – 7:00, kinaeleweka.

Kijana_wa_Chuno
Lakini kalenda ya simu haijui saa sita ya Kiswahili. Akiweka kengele 6:00 itamwamsha alfajiri.

Mama_Mikindani
Kengele aweke za simu, karatasi aandike za kwetu. Mtu ukiwa koridoni huna muda wa kuondoa sita.

Kijana_wa_Chuno
Mimi bado nasema kuwa na saa mbili tofauti ndiko kunakoleta shida. Atachagua mwenyewe.

Mzee_Mitwero
Karani nikuulize, Ijumaa wewe huendi kuswali? Naona saa sita mpaka saba umejiweka kwa wakaguzi.

Karani_Kitangari
Mzee umeniokoa. Nimegeuza Ijumaa yote kwa saa zetu, nikaongeza mstari mmoja: swala, 6:20 – 7:15. Nimechukua 6:20 ili nipate muda wa kutembea na kutawadha. Sasa fomula inasema TRUE, swala na maswali kwa wakaguzi.

Mama_Mikindani
Kila mtu aandike na vitu vyake visivyo kwenye karatasi ya waandaaji: swala, gari la kurudi, mgonjwa wa kumtazama hospitali ya Ligula, chochote. Waandaaji wanapanga vyumba vyao, maisha yako hawayajui. Uliza na gari lako la Newala linaondoka saa ngapi, maana kufunga ni saa tisa mpaka kumi, na vikao vya kufunga havijawahi kufungwa kwa saa iliyoandikwa.

Haya tuichukue migongano mmoja mmoja, maana haifanani.

Wa Ijumaa saa sita ni wa sehemu tu. Una dakika ishirini kabla ya kutoka. Kikao cha maswali na majibu hakina mwanzo wala mwisho wa kukosa, kina zamu. Andika swali lako kwenye karatasi, mpe mwenyekiti wa kikao kabla hakijaanza, mwambie unatoka kuswali. Mara nyingi wanakuita wa kwanza. Lakini kumbuka unatoka kwenye mizani Chumba B inayoisha saa sita kamili, na maswali yanaanza saa sita kamili Chumba A. Fomula inaliona hilo si mgongano kwa sababu kimoja kinaisha kingine kinaanza. Kwa miguu yako ni mgongano. Kama vyumba viko majengo tofauti, kati ya dakika zako ishirini tano zimeliwa na ngazi.

Kijana_wa_Chuno
Hapo atoke tu kwenye mizani 5:50.

Mama_Mikindani
Kwenye kikao cha vipimo dakika kumi za mwisho ndizo watu wanaruhusiwa kugusa mizani. Mimi ningekaa mpaka mwisho, nichelewe maswali. Lakini hilo ni lake, anajua mwenyewe chama chake kina ugomvi wa mizani au wa wakaguzi.

Karani_Kitangari
Wa mizani, mama. Wa kila msimu.

Mama_Mikindani
Basi umeshajibu.

Sasa Alhamisi. Saa tano una vitu vitatu, lakini viwili vinaanza tano kamili na ghala linaanza tano na nusu. Ghala na mnada vinapandana kuanzia 5:30 mpaka 6:15, dakika arobaini na tano. Unaweza kukaa nusu saa ya mwanzo ya mnada kisha uende ghala lote, au ukae mnada wote upate nusu saa ya mwisho ya ghala.

Kijana_wa_Chuno
Ningekaa mnada wote. Ndiyo hela ya mkulima hiyo.

Mama_Mikindani
Uzito wa jambo ni kitu kimoja, na kama unaweza kulipata kwa njia nyingine ni kitu kingine. Jambo la mnada litaonyeshwa kwa slaidi, na slaidi unaziomba ukatumiwa. Kikao cha ghala kama kina kipima unyevu na mizani mezani, hicho huwezi kukipokea kwa WhatsApp. Mimi nachagua kwanza kile kinachotaka mikono yangu na kile nilicho na swali langu mwenyewe ndani yake. Cha kusikiliza tu kinasubiri.

Halafu mko wawili. Hilo karani hukulitumia kabisa, umejipangia kama unakwenda peke yako. Fikiria hivi. Saa tano mwenyekiti anakwenda mnada, wewe unakwenda ghala. Saa nane mwenyekiti anakwenda kwenye rudio la salfa Chumba A, wewe unakwenda hesabu. Vinne vyote vimepata mtu.

Karani_Kitangari
Salfa nilitaka niende mwenyewe. Mikorosho yangu mwaka jana ubwiriunga uliipiga vibaya na nina maswali. Ila hesabu ndiyo kazi iliyonifanya niteuliwe, siwezi kumwachia mwenyekiti. Nitamwandikia maswali yangu.

Lakini mama, ikiwa nyota ni ya ghala, siyo ya salfa? Lile rudio la saa nane silijui ni la nini. Liko Chumba A, kwa hiyo nadhani ni salfa.

Mama_Mikindani
Chumba si ushahidi. Mara nyingi rudio hupelekwa chumba kilicho wazi, si lazima kilekile. Neno baada ya "Rudio" linaanza na herufi gani?

Karani_Kitangari
Nimekuza mpaka picha imekuwa vigaevigae. Naona mguu mmoja wa herufi. Inaweza kuwa U. Ubwiriunga inaanza na U.

Mwl_Nachingwea
Na Usimamizi wa ghala je?

Karani_Kitangari
Mwalimu 😂 nimekwisha.

Mama_Mikindani
Basi iache HAISOMEKI, tuangalie inaharibu nini. Ikiwa rudio ni la salfa, mpango ule unabaki kama ulivyo. Ikiwa rudio ni la ghala, wewe bado unakwenda ghala saa tano na nusu, maana saa nane una hesabu. Kwako hakuna kinachobadilika. Anayebadilika ni mwenyekiti peke yake: salfa itakuwa na nafasi moja tu, ya saa tano, na atalazimika kuchagua kati yake na mnada. Hapo ningempeleka salfa, kwa sababu ileile ya slaidi, na wewe uchungulie mnada ile nusu saa ya mwanzo kabla ya ghala.

Kwa hiyo swali la kuuliza mezani pa usajili ni moja tu: kinachorudiwa mchana ni kipi? Liulizeni kabla ya saa tano. Yote mengine yasiyosomeka yanaweza kubaki hivyo.

Kijana_wa_Chuno
Hiyo nusu saa ya mnada mimi naikubali sana. Saa 5:00 mpaka 5:25 mnada, dakika tano za kutembea, ghala.

Mama_Mikindani
Kwenye karatasi. Ufunguzi una mgeni rasmi, na mgeni rasmi akichelewa, Ukumbi Mkuu wote unasogea, chai inabanwa, mnada unaanza tano na dakika ishirini. Vyumba vidogo huwa na wawezeshaji wao, wengi wanaanza kwa saa yao hata watu wakiwa wachache. Kwa hiyo vikao vya Ukumbi Mkuu vinachelewa na vya vyumbani havichelewi, na mgongano ulioupima kwa dakika unakuwa mwingine kabisa. Karani, ukiona chai imeanza baada ya saa tano kasorobo, sahau kuchungulia mnada. Nenda Chumba B ukakae mbele.

Mzee_Mitwero
Ukikaa mbele ndiyo unashika mizani.

Kijana_wa_Chuno
Mimi nimehudhuria mkutano ambao chumba kidogo ndicho kilichelewa saa nzima, projekta ilikuwa haina waya. Tusiseme kila mara ni ukumbi mkubwa.

Mama_Mikindani
Kweli, hutokea.

Karani_Kitangari
Nimeandika karatasi yangu, saa zote za kwetu. Alama ya ! ni pale nilipochagua, na nimeandika na nilichokiacha ili nijue nikakitafute kwa nani.

Alhamisi
3:00 Ufunguzi, Ukumbi Mkuu. Kabla yake: uliza kinachorudiwa
! 5:30 – 6:45 Ghala, Chumba B (mnada: mwenyekiti, au omba slaidi)
7:00 Chakula, kukutana na mwenyekiti
! 8:00 – 9:15 Hesabu, Ukumbi Mkuu (rudio Chumba A: mwenyekiti)
9:15 Majumuisho

Ijumaa
3:00 – 4:15 Mikopo ya pembejeo, Chumba A
4:45 – 6:00 Mizani, Chumba B, mpaka mwisho
! 6:00 – 6:20 Maswali kwa wakaguzi, Chumba A, swali nitoe asubuhi
6:20 – 7:15 Swala
8:00 – 9:00 Ubanguaji mdogo, Chumba B, nikiwa na nguvu
9:00 Kufunga. Gari: bado sijauliza

Mwl_Nachingwea
Safi. Na ya mwenyekiti?

Karani_Kitangari
Mwenyekiti ana kitochi, picha haipokei.

Kijana_wa_Chuno
Mtumie SMS. Ujumbe mmoja ni herufi 160 pamoja na nafasi, ukizidisha unahesabiwa mbili.

Karani_Kitangari
Nimebana hivi, imeingia:

```
ALH: 3 Ufunguzi. 5 Mnada, Ukumbi (salfa isiporudiwa nenda Chumba A). 8 Salfa, Chumba A. IJM: 3 Miche, Ukumbi. 4:45 Bandari, Ukumbi. 6:20 swala. 9 kufunga.
```

Mama_Mikindani
Mpigie na simu. Pale kwenye mabano asije akaelewa aende Chumba A saa tano na saa nane pia.

Karani_Kitangari
Nimempigia. Anasema mnada haendi, anataka miche siku zote mbili. Nimemwambia miche ni ya Ijumaa tu. Anasema nitazame vizuri picha.